Mkia wa jina la zamani unavyoharibu kadi ya harusi

MAHINDI yakishaingia ghalani, harusi huanza kufuatana katika vijiji vya Kata ya Mbebe, wilayani Ileje, mkoani Songwe. Kamati huketi, michango hukusanywa, na mwenye steshenari huletewa simu yenye picha ya kadi ya harusi ya watu wengine, iliyowapendeza wahusika. Ombi huwa moja tu: abadilishe majina.

Kama majina yameandikwa kwa herufi za kawaida, hiyo ni kazi ya dakika chache. Tatizo ni kwamba kadi nyingi hutumia fonti za mwandiko wa kalamu, kama Great Vibes au Edwardian Script ITC, ambazo herufi zake hushikana na baadhi hutoa mikia mirefu inayopita chini ya jina, hukata mstari wa tarehe na kuishia ndani ya maua.

Chukua mfano wa kadi ya Joyce na Gregory inayotakiwa kuwa ya Tumaini na Ambakisye. Mkia wa J umeshuka kushoto hadi kwenye tarehe, na ule wa y ya mwisho umerudi nyuma chini ya jina zima. Fundi mwenye haraka hufunika majina kwa kiboksi cha rangi ya karatasi, kisha huandika mapya juu yake. Kwenye kioo cha simu hakuna anayeona kitu. Kadi 200 zikishachapwa, kipande cha mkia wa Gregory kinaonekana kimening'inia kwenye ua, na gharama ya kurudia inamwangukia mwenye duka.

Dawa ni kufuta jina pamoja na mikia yake yote. Katika Photoshop, kuza picha hadi asilimia 300, ufuate kila mkia mpaka unapokwisha kwa `Clone Stamp`, ukichukua sampuli ya karatasi iliyo jirani kabisa, kwa kuwa rangi ya karatasi hubadilika kidogo kutoka kona moja hadi nyingine. Mkia unapokata tarehe, usihangaike kuutenganisha na tarakimu. Futa mstari wote wa tarehe uuandike upya; hata hivyo harusi mpya ina siku yake.

Ili kujua kama pamebaki kitu, weka tabaka la `Levels` juu ya picha na ulisogeze kwa nguvu mpaka picha iwe na giza lisilo la kawaida. Mabaki ambayo jicho halikuyaona yatajitokeza kama mikwaruzo. Yakiisha, tabaka hilo lifutwe.

Ndipo jina jipya liandikwe, kwa fonti ileile kama inapatikana. Mambo mawili huwachanganya wengi hapa. Kwanza, nafasi kati ya herufi (`Tracking`) iachwe 0, na upande wa `Kerning` uchaguliwe `Metrics`, si `Optical`. Vinginevyo viungo vya herufi hukatika na jina huonekana kama shanga zilizokatika uzi. Kwa sababu hiyohiyo, jina lote lisiandikwe kwa herufi kubwa, maana herufi kubwa za mwandiko huu hazikuundwa kushikana. Pili, mkia mrefu mara nyingi haumo katika herufi ya kawaida. Ni herufi mbadala, hutafutwa kwenye kidirisha cha `Glyphs`.

Hata fonti ikiwa ileile, umbo halitakuwa lilelile. Tumaini haina herufi inayoshuka chini ya mstari, hivyo pale ulipokuwa mkia wa J patabaki wazi. Ambakisye ina y, lakini iko ndani ya jina, na mkia wake ukirefushwa utaingia katika maneno ya chini. Hapo y iachwe na mkia mfupi, urembo uhamishiwe kwenye e ya mwisho, na majina yasogezwe mpaka pengo lizibike. Mteja aelezwe hilo mapema, asije akadai mkia ambao jina la mwanawe halina mahali pa kuuweka.

Linabaki suala la uchapaji. Kadi ya ukubwa wa A5 inayochapwa kwa nukta 300 kwa inchi huhitaji picha ya nukta 1748 kwa 2480. Picha iliyotumwa kawaida kwa WhatsApp hupunguzwa, mara nyingi upande mrefu ukabaki na takriban 1600. Majina mapya yatatoka makali, maua yatatoka na ukungu, na kila mwalikwa ataona kuwa yamebandikwa. Kabla ya kuanza, mteja aombwe atafute faili la asili lenye matabaka, au walau picha itumwe kama dokumenti ili isipunguzwe. Akikosa vyote viwili, kadi hiyo ibaki ya kutumwa kwa simu tu.