Urefu wa Spirali: Kamba ya Zulia na Integrali Yake

Spirali ni mstari unaozunguka nukta moja huku ukizidi kusogea mbali nayo. Iliyo rahisi kuliko zote ni ile aliyoichunguza Arkimedi wa Sirakusa katika karne ya 3 kabla ya Kristo, ambayo kila mzunguko wake huongeza umbali uleule kutoka katikati. Kamba nene inayozungushwa bapa sakafuni ili kushonwa zulia la mlangoni hufuata mstari huo, kwa kuwa kila mzunguko hulala ukigusa uliotangulia. Fundi anayetaka kujua anunue mita ngapi za kamba anauliza swali la kalkulasi: urefu wa mstari huo ni kiasi gani?

Mstari wa namna hii hausemeki vizuri kwa x na y. Mfumo unaoufaa ni majiranukta ya polari, ambamo kila nukta hutajwa kwa vitu viwili: umbali wake kutoka katikati, unaoandikwa r, na pembe iliyozungukwa tangu mwanzo, inayoandikwa θ. Spirali ya Arkimedi basi huwa na kanuni fupi sana:

r = aθ

Herufi a ni namba isiyobadilika, nayo hupatikana kwa kupima pengo kati ya mzunguko na mzunguko. Mzunguko mmoja mzima ni pembe ya 2π kwa radiani, kwa hiyo katika mzunguko mmoja r huongezeka kwa 2πa. Kamba ikiwa na unene wa sentimita 2, pengo hilo ni sentimita 2, hivyo 2πa = 2 na a = 1/π, yaani takriban 0.318.

Baada ya hapo inatakiwa kujua kipande kidogo sana cha mstari kina urefu gani. Chukua pembe ikiongezeka kidogo mno, kwa dθ. Nukta iliyo kwenye kamba hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza huenda kando, ikizunguka katikati kwenye tao la duara lenye nusukipenyo r, na tao hilo lina urefu wa r dθ. Pili husogea nje kidogo, kwa dr, kwa sababu spirali inapanuka. Mwendo wa kando na mwendo wa nje hukutana kwa pembe mraba, kwa hiyo kipande chenyewe cha kamba ni upande mrefu wa pembetatu mraba ndogo mno, na kanuni ya Pithagorasi inatosha: mraba wa kipande ni jumla ya mraba wa r dθ na mraba wa dr. Tukitoa dθ nje ya kipeuo cha pili na kujumlisha vipande vyote, tunapata:

L = ∫ √( r² + (dr/dθ)² ) dθ

Hii ndiyo kanuni nzima, na haihusu spirali peke yake. Mstari wowote laini wa polari hupimwa kwayo. Inafaa kutazama kwamba r dθ ni urefu wa tao pale tu pembe inapopimwa kwa radiani. Anayeweka nyuzi mahali pa radiani hupata jibu kubwa lisilo na maana, na kikokotozi hakitamwonya.

Kwa spirali ya kamba, r = aθ, na kiwango cha mabadiliko ya r ni dr/dθ = a. Chini ya alama ya kipeuo panakuwa a²θ² + a², na a hutoka nje:

L = a ∫ √(θ² + 1) dθ

Sasa mipaka. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama, ingawa kazi yenyewe si ngumu: mipaka ni pembe ya kuanzia na pembe ya kumalizia, wala si umbali wa kuanzia na kumalizia. Zulia lenye mizunguko 10, lililoanza katikati kabisa, huanzia θ = 0 na kuishia θ = 20π, kwa kuwa mizunguko 10 ni mara 10 ya 2π. Kuandika 2π kwa mazoea, kana kwamba kila umbo la polari hukamilika kwa mzunguko mmoja, ni kupima mzunguko wa kwanza tu na kuacha kamba iliyobaki yote. Mwisho wa kamba uko kwenye r = 20π × 1/π, yaani sentimita 20 kutoka katikati, na hilo linaweza kuhakikiwa kwa rula.

Integrali ya √(θ² + 1) imo katika majedwali ya kalkulasi, na ukianza na 0 matokeo yake ni haya:

L = (a/2) [ θ√(θ² + 1) + ln( θ + √(θ² + 1) ) ]

Weka θ = 20π, ambayo ni 62.832. Sehemu ya kwanza ndani ya mabano hutoa 3948.34 na ile ya logi hutoa 4.83, jumla 3953.17. Zidisha kwa nusu ya a, ambayo ni 0.15915, na urefu unakuwa sentimita 629.2. Fundi atahitaji karibu mita 6.3 za kamba.

Jibu hili linaweza kupimwa kwa njia nyingine isiyo na integrali hata kidogo. Zulia ni kama duara lenye nusukipenyo cha sentimita 20, na eneo lake ni 400π, takriban sentimita za mraba 1256.6. Eneo hilo limefunikwa na ukanda mmoja mrefu wenye upana wa sentimita 2, kwa hiyo urefu wake ni 1256.6 kugawanya kwa 2, yaani sentimita 628.3. Tofauti na integrali haifiki hata sentimita moja. Kila anayepima spirali iliyobanana angefanya hesabu hii ya eneo kwanza, kabla hajagusa integrali. Ikiwa majibu mawili yako mbali, kosa karibu kila mara limo kwenye mipaka au kwenye a.

Ukaribu huo una sababu yake. Jibu la eneo ni sawasawa na kile ambacho kingepatikana kama mtu angesahau dr/dθ na kuandika ∫ r dθ peke yake. Kukosea hivyo kwenye zulia zima kunagharimu sentimita 0.85 tu. Lakini kosa halikugawanyika sawa. Katika mzunguko wa kwanza pekee, urefu wa kweli ni sentimita 6.77, na hesabu isiyo na dr/dθ hutoa 6.28, yaani pungufu kwa asilimia 7 hivi. Zaidi ya nusu ya kosa lote imo katika mzunguko huo mmoja. Karibu na katikati, mwendo wa nje unalingana na mwendo wa kando. Mbali na katikati r imekuwa kubwa sana mbele ya a, na kamba inakwenda karibu kama duara. Kwa hiyo ile sehemu ya pili ya kipeuo haiachwi kwa mazoea, hata kama katika zulia hili madhara yake ni madogo.

Zulia likiwa na tundu katikati, kanuni haibadiliki, mipaka tu ndiyo inayobadilika. Tuseme kamba inaanza kwenye umbali wa sentimita 4. Mpaka wa chini hauwi 4 wala 0, bali ni pembe inayofanya r iwe 4: θ/π = 4, kwa hiyo θ = 4π. Urefu kutoka 0 hadi 4π ni sentimita 25.7, na ukiutoa katika 629.2 inabaki 603.5. Kwa njia ya eneo, π(400 − 16) kugawanya kwa 2 ni 603.2. Kosa la tofauti limepungua, kama ilivyotarajiwa, kwa sababu sehemu ya katikati iliyokuwa ikilileta imeondolewa.

Spirali haijirudii, ndiyo maana mipaka yake hutafutwa kwa kuhesabu mizunguko. Maumbo mengine ya polari hurudi yalikotoka, na huko mtego ni wa kinyume: mtu hupima mstari uleule mara mbili. Mfano mwepesi ni r = cos θ, ambao ni duara lenye kipenyo 1. Chini ya kipeuo panakuwa cos²θ + sin²θ, yaani 1, na integrali kutoka 0 hadi 2π hutoa 2π. Lakini mzingo wa duara lenye kipenyo 1 ni π. Kilichotokea ni kwamba θ inapopita π/2, r inakuwa hasi na nukta inachorwa upande wa pili wa katikati. Ikifika π duara limeshafungwa, na nusu iliyobaki ya hesabu inapita juu ya mstari uliokwisha kupimwa. Mpaka wa juu sahihi ni π. Njia ya kuligundua kosa hili ni kuweka pembe chache, kama 0, π/2, π na 3π/2, kisha kuangalia nukta zinaangukia wapi.

Umbo la moyo, r = 1 + cos θ, lina mtego mwingine. Chini ya kipeuo panakuwa 2 + 2cos θ, ambayo ni sawa na 4cos²(θ/2), na wengi huandika mara moja kwamba kipeuo chake ni 2cos(θ/2). Integrali ya hiyo kutoka 0 hadi 2π ni sifuri, jibu ambalo mstari unaoonekana kwa macho hauwezi kuwa nalo. Kipeuo cha pili hakiwi hasi, kwa hiyo baada ya π lazima ichukuliwe thamani chanya ya 2cos(θ/2). Iliyo rahisi ni kupima nusu ya juu, kutoka 0 hadi π, ambayo ni 4, kisha kuzidisha kwa 2. Urefu wote ni 8.

Mipaka yaweza hata kwenda bila kikomo. Katika spirali ya logi, r = e^(bθ), umbali huzidishwa kwa namba ileile katika kila mzunguko, na kipeuo hurahisika kuwa √(1 + b²) mara r. Evangelista Torricelli wa Italia aliipima katika karne ya 17, kabla kalkulasi haijapata alama zake za leo. Mtu akianza kwenye r = 1 na kurudi ndani kuelekea katikati, θ inashuka kutoka 0 bila kufika mwisho na mizunguko haina idadi, ila urefu wote ni √(1 + b²)/b. Kwa b = 0.1, ni 10.05.