Tarehe 18 ya muuza nyanya

Kwa muuza nyanya wa soko la Ilala, Dar es Salaam, mwezi hauna siku zinazofanana. Mishahara ikitoka, kuanzia mwisho wa mwezi hadi tarehe saba hivi, wateja wananunua sado nzima bila kuuliza sana. Ikifika tarehe 15, wale wale wanaomba fungu dogo, wengine wanataka kukopa. Madeni yake hayajali hayo. Mwenye nyumba, kikundi cha mkopo na ankara ya maji kila kimoja kina tarehe yake, na tarehe hizo zilipangwa bila kuangalia nyanya zinauzika lini.

Ndiyo maana mfanyabiashara anaweza kupata faida kwa mwezi mzima na bado akaumbuka katikati yake. Kalenda ya fedha inaonyesha siku yenyewe atakapokwama, mapema kiasi cha kuweza kufanya jambo.

Kazi inaanza na daftari. Kwa wiki nane au zaidi anaandika kila jioni kilichobaki mkononi baada ya kutoa fedha ya mzigo wa kesho, usafiri, ushuru wa soko na chakula cha nyumbani. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanaandika mauzo. Tenga likiuzwa lote, fedha zinaonekana nyingi, lakini sehemu kubwa yake ni tenga la kesho. Kisha, kwa kila wiki ya mwezi, anachukua kiasi cha chini alichowahi kupata. Wastani unadanganya, maana mwenye nyumba halipwi kwa wastani.

Mfano wa hesabu ni huu. Mama mmoja anabakiwa na shilingi 105,000 wiki ya kwanza, 75,000 ya pili, 50,000 ya tatu, 70,000 ya nne, na 40,000 katika siku tatu za mwisho. Jumla ni 340,000. Anadaiwa gari la shule 30,000 tarehe 5, kodi ya chumba 80,000 tarehe 15, rejesho la mkopo 130,000 tarehe 18 na maji 20,000 tarehe 20, yaani 260,000. Kwa mwezi mzima anabakiwa na 80,000.

Sasa hesabu hiyo hiyo iwekwe kwenye kalenda ya ukutani, siku kwa siku, huku salio likibebwa mbele. Tarehe 14 ana 150,000. Kodi ikitoka kesho yake, inabaki 70,000. Wiki ya tatu inampa kama 7,000 kwa siku, kwa hiyo jioni ya tarehe 18 ana 98,000, na rejesho ni 130,000. Pengo ni 32,000, hata kama hakutumia senti moja ovyo.

Bila kalenda, pengo hilo huzibwa kwa fedha ya mzigo. Dalili yake inaonekana mezani: aliyekuwa akichukua matenga matatu anachukua mawili, na mishahara inapotoka hana bidhaa ya kutosha kuwauzia wenye fedha. Mwingine anakimbilia mkopo wa kausha damu, na hapo kalenda inapata tarehe nyingine mbaya.

Tarehe ipi isogezwe? Ya kikundi ni ngumu, kwa sababu imefungwa na siku ya kikao. Nafasi ya kuomba marejesho madogo ya kila wiki ni kabla ya kukopa. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya kila mwezi ndiye rahisi zaidi kuzungumza naye. Mama akiomba kulipa tarehe 30, atatakiwa kulipia nusu ya mwezi inayobaki katikati, yaani 40,000 tarehe 15. Akifanya hivyo, rejesho linalipika na baada ya maji tarehe 20 anabakiwa na kama 2,000. Ni kidogo mno, lakini mtaji haujaguswa. Tarehe 30 analipa kodi nzima, na mwezi unaofuata tarehe 15 haina deni tena.

Mwenye nyumba anayedai miezi sita kwa mkupuo anahitaji njia nyingine: kodi igawanywe kwa sita na fungu la mwezi litengwe wiki ya kwanza, kwenye laini ya simu isiyotumika kununulia mzigo.

Kalenda ya mwaka jana hainakiliwi tu. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, na wateja hubadili ununuzi pamoja nayo. Mvua za masika huharibu barabara na kuozesha nyanya njiani, hivyo wiki za Aprili ziandikwe kwa kiasi kidogo zaidi. Januari ina sare na madaftari, ambayo fungu lake linafaa kuanza kutengwa Oktoba, katika zile siku za baada ya mishahara.