Usingizi Kati ya Msongo na Mtihani

Mwalimu akisema kwamba wanafunzi wenye msongo wa mawazo hufanya vibaya kwenye mitihani, hakuna mzazi atakayembishia. Hata hivyo, maneno hayo hayajatuonyesha tumsaidie vipi mtoto. Msongo unapunguza alama kwa kupitia wapi? Je, unawaathiri wote kwa kiasi kilekile? Hayo ni maswali mawili tofauti, na hata watafiti huyachanganya. Mwaka 1986 wanasaikolojia Reuben Baron na David Kenny waliandika makala ya kuyatenganisha, ambayo inarejelewa mpaka leo.

Tuyatazame yote mawili kwa kutumia kitu kimoja, usingizi. Tarakimu zitakazofuata ni za mfano tu.

Chukua wanafunzi wa kidato cha nne. Wiki mbili kabla ya mtihani, kila mmoja anajaza dodoso linalopima msongo wake kuanzia 0 hadi 10. Wiki inayofuata wanaandika kila asubuhi wamelala saa ngapi. Kisha wanafanya mtihani. Hesabu inaonyesha kwamba kila msongo unapopanda daraja moja, alama hushuka 3.

Swali la kwanza ni la njia. Inaonekana kwamba kila daraja moja la msongo linapunguza usingizi kwa nusu saa, kwa sababu mwenye hofu hujigeuza kitandani akiwaza. Tena, tukiwalinganisha wanafunzi wenye msongo uleule, kila saa moja ya usingizi inaongeza alama 4, kwani ubongo uliokosa usingizi hushindwa kutulia kwenye swali na kukumbuka kilichosomwa. Nusu saa mara alama 4 ni alama 2. Kwa hiyo, kati ya zile alama 3 zinazopotea, 2 zinapotelea kwenye usingizi, na 1 inapotea kwa njia nyingine, labda woga ndani ya chumba cha mtihani. Hapa usingizi ni kiungo cha kati: msongo unaugusa usingizi, nao usingizi unazigusa alama.

Swali la pili ni la nani anaumia zaidi. Safari hii tunapima mazoea ya kulala mwanzoni mwa muhula, kabla presha ya mtihani haijaanza. Tuseme kwa waliozoea kulala saa 8, kila daraja la msongo linaondoa alama 1 tu. Kwa waliozoea saa 5, daraja hilohilo linaondoa alama 4. Hapa hatusemi kwamba msongo ndio uliowanyima usingizi. Tunasema kwamba mazoea yao ya kulala yanaongeza au kupunguza makali ya msongo. Usingizi sasa ni kirekebishi. Katika hesabu, mtafiti huzidisha msongo kwa saa za usingizi za kila mwanafunzi, kisha huangalia kama zao hilo linaongeza chochote katika kukadiria alama. Likiwa halina uzito, msongo unawaumiza wote kwa kiwango kimoja.

Majibu haya yanaelekeza hatua tofauti. Usingizi ukiwa kiungo cha kati, bweni linalozima taa mapema na kusitisha masomo ya usiku wa manane linaweza kurudisha sehemu kubwa ya alama, ingawa si zote. Ukiwa kirekebishi, kazi ya kwanza ni kuwatambua wanaolala kidogo na kuwafikia wao kabla ya msimu wa mitihani, maana hao ndio msongo utakaowaangusha zaidi.

Kosa kubwa hutokea pale dodoso la msongo, usingizi na alama vinapokusanywa siku moja. Huenda alama mbaya za jaribio lililopita ndizo zilizoleta msongo, na msongo huo ndio ukafukuza usingizi. Hesabu itatoa tarakimu nzuri bila kujua kipi kilitangulia. Kosa la pili limejificha zaidi. Mwanafunzi ambaye hakusoma muhula mzima hukesha wiki ya mwisho, kisha anafeli. Usingizi utaonekana ndio mkosaji, kumbe chanzo ni kutojiandaa. Ndiyo maana mtafiti makini hupima pia saa za kujisomea na alama za awali, akaziingiza kwenye hesabu. Hata kuwapanga wanafunzi kwa bahati nasibu katika makundi yenye msongo tofauti hakuondoi tatizo hilo, kwa kuwa usingizi wenyewe haukupangwa na mtafiti.

Kwa hiyo, ukisoma habari kwamba utafiti umegundua uhusiano wa msongo, usingizi na mitihani, tafuta kwanza usingizi ulipimwa lini. Ukiwa ulipimwa kabla ya msongo, hauwezi kuwa njia ambayo msongo huo ulipitia. Ukiwa ulipimwa baada ya msongo na kabla ya mtihani, hoja ya njia ina pa kusimama. Ukiwa ulipimwa pamoja na vingine vyote, habari hiyo imeonyesha kwamba mambo hayo huenda pamoja, basi.