Doa la Unyayoni na Wembe wa Nyumbani

Melanoma ni saratani ya ngozi inayoogopwa kuliko nyingine kwa sababu husambaa mapema. Kwa watu weusi mara nyingi huanzia mahali ambapo jua halifiki: unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha. Bob Marley alifariki kwayo Mei 11, 1981, akiwa na miaka 36. Ilikuwa imegunduliwa mwaka 1977 kwenye kidole gumba cha mguu, kidole ambacho shida yake ilidhaniwa ni jeraha la mpira tu. Sehemu hizo ndizo ambazo sisi wenyewe tumezoea kuzikwangua kwa wembe bila kumuuliza mtu.

Tuchukue mfano wa mkulima wa miaka hamsini na kitu ambaye siku nyingi hushinda shambani peku. Kisiginoni ana doa jeusi ambalo miaka miwili iliyopita lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Sasa limetanuka, ukingo mmoja umefifia na mwingine umekolea, na katikati pameinuka kidogo. Haliumi. Yeye anaamini ni sugu, au mwiba uliobaki ndani. Jioni moja analoweka mguu kwenye maji ya moto, anachukua wembe mpya, analikata mpaka anapoona nyama nyekundu, anapaka spiriti na kufunga kitambaa. Kile kipande kinaishia jalalani.

Baada ya wiki tatu kidonda kimefunga, na anaona amefanikiwa. Lakini chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi hukaa chini ya tabaka la juu, na unyayoni tabaka hilo ni nene kuliko mahali pengine popote mwilini. Wembe umeondoa kichwa, kilichoko chini kimebaki, na kovu limekifunika. Miezi michache baadaye doa linarudi pembeni mwa kovu, au panafanyika kidonda kinachotoa majimaji na kukataa kupona. Mkulima anakitibu kama kidonda cha kawaida. Mtoki unapovimba kwenye kinena, anadhani ni kwa sababu ya kidonda, na safari hii huenda amekosea: inawezekana saratani imeshafika kwenye tezi.

Hapa inafaa kusema jambo moja wazi, kwa sababu mitaani linasemwa kinyume. Wembe wake haukuleta saratani. Wala si kweli kwamba uvimbe ukiguswa na chuma ndipo unaposambaa, imani ambayo imewafanya wengi wakimbie kipimo hospitalini. Madhara aliyoyapata ni mawili: amepoteza miezi ya matibabu, na ametupa kitu pekee ambacho kingesema doa lile lilikuwa nini.

Daktari akishuku melanoma, hupiga sindano ya ganzi, akakata doa lote pamoja na ukingo mwembamba wa ngozi nzima, au akachukua sehemu yake kama doa ni kubwa. Kipande hicho hutiwa kwenye chupa ya fomalini na kupelekwa maabara. Huko mtaalamu wa patholojia hukikata vipande vyembamba sana na kuvitazama kwa hadubini, kisha hupima kina cha saratani kwa milimita, kuanzia juu ya ngozi hadi pale ilipofika. Kina hicho ndicho kinachoongoza matibabu. Ikiwa hakijazidi milimita 1, kwa kawaida daktari wa upasuaji ataongeza kukata sentimita 1 ya ngozi kuzunguka pale. Kikizidi milimita 2, ataongeza sentimita 2, na tezi nazo zitachunguzwa. Mgonjwa aliyejikata nyumbani anapofika, kinachobaki kupimwa ni kovu na mabaki, na kina cha mwanzo hakijulikani tena.

Hata doa lisilo na ubaya wowote huleta kizaazaa likikatwa nusunusu. Rangi hurudi ndani ya kovu bila mpangilio, na likitazamwa kwa hadubini linaweza kufanana na melanoma. Mtaalamu asipoambiwa kwamba pale palishakatwa, mtu mzima wa afya anaweza kufanyiwa upasuaji asiouhitaji. Kwa hiyo ukienda hospitali, usione haya: sema ulitumia nini na lini.

Asidi ina hila yake. Wapo wanaodondoshea chunjua maji ya betri, na wengine hutumia magadi makali ya kutengenezea sabuni, ambayo huzama kwenye nyama hata baada ya maumivu ya kwanza kupoa. Asidi haijui chunjua inaishia wapi. Hula mpaka iishe nguvu au ioshwe, na kwenye kidole kuna mishipa ya fahamu na kano karibu sana na ngozi. Ikishamwagika, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, usijaribu kuizima kwa limau wala dawa nyingine, kisha nenda hospitali. Dawa ya chunjua ya duka la dawa, asidi ya salisiliki ya takriban asilimia 17, ni kitu kingine kabisa. Humenya ngozi kidogokidogo kwa muda wa hadi wiki 12, nayo inafaa kwa chunjua za mikono na miguu, siyo za usoni wala sehemu za siri. Mwenye kisukari asiitumie miguuni bila ushauri, kwa kuwa huenda asihisi anapoungua. Na chunjua, ambayo huletwa na virusi, ukiichokonoa kwa wembe unavipanda virusi vilevile kwenye mikwaruzo ya jirani. Nyingi, hasa za watoto, hupotea zenyewe.

Uzi hufungwa kwenye vinyama laini vinavyoning'inia shingoni au kwapani. Hukata damu, kinyama kikafa na kudondoka baada ya siku kadhaa. Kama kweli ni kinyama cha kawaida chenye kikonyo chembamba, mara nyingi mtu hupona, sitadanganya. Lakini siku hizo zote nyama iliyokufa imening'inia juu ya mwili hai, na bakteria, pamoja na wale wa pepopunda, huipenda nyama ya namna hiyo. Wengine hupata kovu linalovimba na kutambaa kupita kidonda chenyewe, tatizo ambalo ngozi nyeusi inalo zaidi. Kliniki humaliza kazi hiyo kwa ganzi na mkasi safi ndani ya dakika chache.

Usiogope kila doa. Watu weusi wengi wana madoa ya kahawia nyayoni na mistari myeusi kuchani, na mengi hayana neno. La kupelekwa kwa daktari ni lile linalotanuka, lenye rangi zaidi ya moja au ukingo usio sawa, linalovuja damu, na kidonda chochote cha mguu ambacho hakijapona baada ya mwezi. Mstari wa ukucha unaopanuka na kumwaga weusi kwenye ngozi ya pembeni nao ni wa kuwahi. Mwenye ualbino asisubiri mwezi: saratani zake kwa kawaida hutokea palipopigwa na jua, usoni, masikioni na shingoni, na huanza kama kigaga kisichobanduka. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha magonjwa ya ngozi kinachowahudumia kwa miaka mingi, na huko hutengenezwa losheni ya Kilisun ya kuwakinga na jua.

Kama umeshajikata, bana kwa kitambaa safi dakika 15 bila kuchungulia, weka kile kipande kwenye chombo safi, na uende nacho hospitali siku hiyohiyo. Ulizia pia sindano ya pepopunda. Na anayekukata akiwa daktari, bado muulize kabla hujashuka kitandani: kipande kinapelekwa maabara gani, na majibu nije kuyachukua lini?