Atakazodaiwa: kitenzi kimoja katika fomu ya mdhamini

Katika fomu za udhamini zinazotumiwa na baadhi ya benki na taasisi za mikopo nchini Tanzania, baada ya nafasi za jina, namba ya kitambulisho cha taifa na picha ndogo ya mdhamini, huja sentensi ndefu ambayo mtu aliyeitwa kusaini kwa haraka ni nadra kuisoma hadi mwisho. Sentensi hiyo husema kwamba mdhamini atalipa fedha zote "anazodaiwa au atakazodaiwa" mkopaji, na ndani ya kitenzi hicho cha pili, katika kiambishi -taka- ambacho wanaisimu hukihusisha na kitenzi kutaka, hubadilika kabisa kile ambacho mdhamini anadhani amekitaka. Aliyekuja kumsimamia ndugu au jirani kwa mkopo mmoja, wenye kiasi kimoja na tarehe moja ya kumalizika, hutoka akiwa amesimamia pia mikopo ambayo bado haijaombwa.

Msingi wa sheria haufichiki. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo vifungu vyake vingi vimefuata sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, inautambua udhamini kuwa ni mkataba wa kutekeleza ahadi ya mtu wa tatu iwapo huyo atashindwa kuitekeleza mwenyewe, na inaweka kanuni kwamba wajibu wa mdhamini unalingana na ule wa mdaiwa mkuu, yaani mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe ueleze vinginevyo. Kulingana huko kuna maana mbili ambazo wengi hawazitarajii. Ya kwanza ni kwamba benki hailazimiki kumshitaki mkopaji na kumkosa ndipo imgeukie mdhamini. Mkopaji akishashindwa kulipa kwa mujibu wa mkataba, mlango wa mdhamini uko wazi siku hiyohiyo. Ya pili ni kwamba deni halihesabiwi kwa fedha zilizokopwa peke yake, kwa kuwa riba, adhabu ya kuchelewesha marejesho na gharama za kufuatilia deni, kadiri zilivyoandikwa katika mkataba wa mkopo, humfuata mdhamini kama zinavyomfuata mkopaji.

Wakili mmoja wa kujitegemea jijini Mwanza, ambaye kabla ya uwakili alikuwa afisa mikopo kwa miaka kadhaa na ambaye ameomba jina lake lisitajwe, anasema watu wanaofika ofisini kwake na barua ya madai mkononi karibu wote huanza na neno lilelile. "Wanasema, wakili, mimi nilikuwa mdhamini tu. Hilo neno 'tu' ndilo tatizo lenyewe. Nikiwauliza walidhamini shilingi ngapi wananitajia mkopo wa kwanza, na nikiwaonyesha barua ya benki wanaona kiasi ambacho hawajawahi kukisikia." Anaeleza kwamba sheria inazijua aina mbili za udhamini: udhamini wa muamala mmoja, ambao hufa mkopo husika unapomalizika, na udhamini endelevu, unaofunika mfululizo wa miamala kati ya benki na mkopaji hadi usitishwe. Fomu yenye neno "atakazodaiwa" ni ya aina ya pili hata kama kichwa chake cha habari hakisemi hivyo, na afisa aliyeipeleka mezani huenda naye hajui tofauti. Wakili anakiri kwamba yeye mwenyewe, enzi zake za benki, alisainisha fomu hizo bila kuziona kuwa na jambo la kueleza.

Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi kwa mfano wenye hesabu. Tuchukulie mfanyabiashara wa nafaka anayekopa shilingi 12,000,000 kwa miezi 18, akidhaminiwa na mwalimu anayesali naye. Baada ya mwaka mmoja wa marejesho mazuri salio limeshuka hadi 4,000,000, na benki, kwa kuridhishwa na mwenendo huo, inampa mkopo mpya wa 15,000,000, ambapo 4,000,000 zinafuta salio la zamani na 11,000,000 anakabidhiwa mkononi. Utaratibu huu, ambao mitaani huitwa kuongezewa mkopo au kwa ufupi topapu, ni wa kawaida kabisa na hauna hila ndani yake. Lakini mwalimu hakuitwa, wala hakusaini chochote. Bei ya mahindi inaanguka, marejesho yanakatika baada ya miezi mitatu, na barua inayomfikia mwalimu inadai 14,700,000, ambazo ni salio la 13,600,000 pamoja na riba na adhabu za 1,100,000.

Ikiwa fomu ya mwalimu iliutaja mkopo ule wa kwanza, kwa namba yake na kiasi chake, anayo hoja nzito kwamba mkopo huo ulilipwa siku salio lake lilipofutwa, na kwamba udhamini uliisha nao. Ikiwa fomu ilisema "atakazodaiwa" bila ukomo, madai ya 14,700,000 yanasimama juu ya saini yake. Na ikiwa ilisema "atakazodaiwa" lakini ikaweka ukomo wa 12,000,000, mwalimu atadaiwa hadi hapo, isipokuwa fomu iongeze maneno "pamoja na riba na gharama", ambayo huubomoa ukomo huo kwa pembeni. Fomu tatu zinazofanana kwa mbali, za mtu yuleyule na mkopo uleule, zinazaa majibu matatu.

Kuna kinga ambayo sheria ilimwekea mdhamini katika mazingira ya namna hii, na wakili anaizungumzia kwa uchungu kidogo. Kwa kanuni, benki na mkopaji wakibadilisha masharti ya mkataba bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini anaachiliwa kwa miamala inayofuata mabadiliko hayo; kadhalika benki ikifanya makubaliano na mkopaji ya kumwongezea muda bila kumshirikisha mdhamini, mdhamini huwekwa huru. Hapa lazima pawe na uangalifu, kwa sababu kukaa kimya si makubaliano: benki inayochelewa tu kudai, hata kwa miezi mingi huku adhabu zikipanda, haimwachilii mdhamini kwa ukimya wake peke yake. Lakini hata kinga hizo, anasema wakili, aya chache chini ya sentensi ya kwanza hukutana na nyingine inayosema kwamba mdhamini anaridhia tangu sasa mabadiliko yoyote yatakayofanywa bila taarifa kwake. "Sheria inasema ridhaa, na benki inasema hii hapa ridhaa, ulitoa siku ya kwanza. Mimi najiuliza, mtu anaridhiaje jambo ambalo halijatokea na ambalo hatapewa habari zake? Nimewahi kuisimamia hoja hiyo, na nimewahi kuipinga nikiwa upande wa mkopeshaji. Sijalala vizuri upande wowote."

Swali hilo libaki hapo lilipo. Kinachoweza kufanywa hufanywa kabla ya saini, na wakili anakionyesha kwa kalamu juu ya fomu tupu aliyonayo mezani. Anaanza na nafasi ya kiasi, yenye nukta tupu, ambayo anasema ameiona imeachwa wazi katika fomu zilizokwisha kusainiwa. Hapo kiandikwe kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kikifuatiwa na maneno "ikijumuisha riba na gharama zote", ili ukomo uwe ukomo kweli. Kisha anakata "au atakazodaiwa", anaandika pembeni namba ya mkopo na tarehe ya mkataba wake, na kuweka saini fupi mkabala na kila alipokata, akisisitiza kwamba afisa wa benki mwenye mamlaka asaini mahali hapohapo, kwani sahihisho la upande mmoja ni chanzo cha ugomvi mwingine. Benki inaweza kukataa. Ikikataa, anasema, mdhamini amepata taarifa muhimu kuliko zote bila kulipa senti, na uamuzi wa kusaini au kuondoka unabaki wake.

Kwa ambaye amekwisha kusaini udhamini endelevu, sheria inamruhusu kuusitisha kwa miamala ijayo kwa kuipa benki taarifa, na wakati wa kufanya hivyo ni pale mkopaji anapokaribia kumaliza mkopo wa kwanza, si baada ya kusikia kwamba amechukua wa pili. Barua ya mistari mitano inatosha, ikipelekwa tawini na nakala yake kugongwa muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Deni lililokuwepo kabla ya muhuri huo linabaki kuwa la mdhamini, lakini la baada yake si lake, ingawa baadhi ya fomu hudai notisi ya miezi kadhaa na ni lazima zisomwe. Sheria pia inauhesabu udhamini endelevu kuwa umesitishwa kwa miamala ijayo mdhamini anapofariki, kama mkataba haukusema vinginevyo, jambo ambalo warithi hulijua wakiwa wamechelewa.

Wadhamini wanapokuwa wawili au zaidi, maneno "kwa pamoja na kila mmoja peke yake" huwapa wengi faraja isiyo yao, kwa kudhani kwamba deni litagawanywa. Mgawanyo upo, lakini ni baina ya wadhamini wenyewe: benki inaweza kuchukua deni zima kwa yule mwenye mshahara wa uhakika, kisha yeye ndiye awafuate wenzake wamrudishie mafungu yao. Mshahara huo nao haukatwi kwa barua ya benki pekee, kwa kuwa makato ya deni la namna hii huhitaji ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi au amri ya mahakama. Ila ridhaa hiyo mara nyingi imo mle mle katika fomu. Aliyeweka nyumba yake rehani kwa mkopo wa mwingine yuko katika habari nyingine, ya Sheria ya Ardhi, yenye notisi ya siku 60 na sharti la ridhaa ya mwenza wa ndoa.

Mdhamini aliyelipa deni lote huingia katika nafasi ya benki, na dhamana zote ambazo mkopaji aliziweka, iwe kadi ya pikipiki au hati ya kiwanja, anastahili kuzishika ili ajilipe. Benki ikiwa iliipoteza au kuirudisha dhamana mojawapo bila ridhaa ya mdhamini, deni la mdhamini linapungua kwa thamani ya kilichopotea. Katika mfano wa mwalimu, kama stoo ya mahindi ya mfanyabiashara iliandikwa kuwa dhamana katika mkataba wa kwanza, hiyo ingekuwa hoja ya kuiulizia. Wakili anasema ni wateja wachache sana ambao wamewahi kumuuliza dhamana za mkopaji ziko wapi. Wengi huuliza kama wanaweza kulipa kwa awamu. Fomu aliyokuwa akiichora kwa kalamu anairudisha kwenye faili, na katika nafasi ya kiasi, ambayo hakuijaza kwa kuwa mfano hauna mwenyewe, nukta bado ziko tupu.