Kumuaga Rafiki Anayehamia Ng'ambo

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitiliana saini makubaliano ya kuajiri wauguzi wa Kenya katika hospitali za Uingereza. Kwa anayebaki nyumbani, habari hiyo huja kwa sura nyingine: rafiki mliyekua naye anafunga sanduku, nawe umeshika simu, hujui umwandikie nini.

Wengi huishia kwenye "Safari njema, usitusahau." Neno hilo la mwisho liache. Mtu anayehama tayari ana ahadi za ndugu mabegani, na "usitusahau" humfikia kama dai jingine. "Unaniacha na nani?" ni vilevile, kwani humtwisha huzuni yako aondoke nayo kama kosa.

Fahari nayo itaje kwa jina. Muuguzi huyo kwa kawaida hufanya mtihani wa Kiingereza wa sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kisha mtihani wa uuguzi kwenye kompyuta. Akishafika, mtihani wa vitendo bado unamngoja. Kwa hiyo usimpongeze kana kwamba yote yamekwisha. Andika kile ulichokishuhudia wewe, ambacho shangazi yake hakukiona. Kwa mfano, mtu wa Mombasa angeweza kumwandikia mwenzake hivi:

"Shoga yangu, Jumamosi nitapita peke yangu pale tunaponunua mahamri, na najua nitalia. Nimekuona ukitoka zamu ya usiku, macho mekundu, ukafungua kitabu. Ulipoanguka sehemu ya kuandika ulilia, kesho yake ukajiandikisha tena. Hilo nitawasimulia wanangu. Tarehe ya mtihani wa vitendo ikijulikana niambie, nikuombee. Ukishapata ratiba ya zamu, tuchague siku ya kupigiana simu, saa tatu usiku ya huku. Usinitumie chochote. Nakupenda sana."

Tazama kwamba hakuna "lakini" kati ya machozi na sifa. Ukiandika "nina huzuni lakini najivunia", la pili hufuta la kwanza, na rafiki hujua umejikaza. Yaache yakae pamoja, kila moja na mahali pake. Kule kuanguka mtihani pia kumetajwa makusudi, maana fahari yenyewe iko katika kurudi. Hilo ni la kutaja kwa rafiki wa karibu tu, tena kwa ujumbe wake binafsi, kamwe si kwenye kundi la familia.

Ahadi ya simu nayo iwe ya kutekelezeka. Kenya hutangulia Uingereza kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, hivyo saa tatu usiku Mombasa huwa saa kumi na mbili au saa moja jioni kule.

Usingoje uwanja wa ndege, ambako kuna foleni, mizigo ya kupimwa na mama mtu wa kutulizwa. Utume usiku wa kuamkia safari. Ukishaingia kwenye simu yake, atausoma hata ndani ya ndege bila mtandao.