Asilimia 98 Inapokuwa Haitoshi

Kwenye cheti cha mtihani, alama 98 kati ya 100 hutosha kumchinjia mtoto kuku. Kwenye hifadhidata ya MySQL, alama hiyo hiyo inaweza kumaanisha kwamba diski imezidiwa, na keshia anasubiri risiti moja kwa sekunde kadhaa huku foleni ikirefuka. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kufahamu namba hiyo inahesabu nini na inaacha nini.

InnoDB ni sehemu ya MySQL inayotunza majedwali kwenye diski. Ilibuniwa na Heikki Tuuri wa Finland, na tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010 ndiyo inayotumika mtu asipochagua nyingine. Haisomi safu moja moja kutoka diski. Husoma kurasa, kila moja ikiwa na kilobaiti 16, na ukurasa ukishasomwa huwekwa kwenye eneo la kumbukumbu lililotengwa, ambalo hapa tutaliita akiba ya kurasa. Ombi jingine la ukurasa huo likija, jibu hutoka kwenye kumbukumbu bila diski kuguswa. Akiba ikijaa, kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda mrefu huondolewa kupisha mpya.

Ukubwa wa akiba hii huwekwa na kigezo kinachoitwa `innodb_buffer_pool_size`. Msimamizi asipokigusa, kwa kawaida hubaki megabaiti 128, yaani nafasi ya kurasa 8,192 tu. Seva nyingi ndogo huishi miaka na kiasi hicho, hata pale ambapo data imeshakua mara kumi.

Chukua mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi lenye seva ya kukodi yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu na diski ya kuzunguka. Mashine hiyo hiyo inabeba MySQL 8.0 na programu ya mauzo iliyoandikwa kwa PHP. Majedwali pamoja na faharasa zake yana gigabaiti 1.4. Asubuhi mambo huenda, lakini saa tano wateja wakijaa, kila ankara huchelewa. Shauri la haraka ni kununua seva kubwa zaidi. Kabla ya hapo kuna vipimo viwili ambavyo havigharimu kitu.

Kipimo cha kwanza hutolewa na amri hii:

```sql
SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Innodb_buffer_pool_read%';
```

Katika orodha inayotoka, mistari miwili ndiyo ya kutazama. `Innodb_buffer_pool_read_requests` ni idadi ya mara kurasa zilipoombwa. `Innodb_buffer_pool_reads` ni idadi ya mara ukurasa haukuwamo kwenye akiba, ikabidi uletwe kutoka diski. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, toa jibu kwenye moja, zidisha kwa mia: hicho ndicho kiwango cha upatikanaji.

Tatizo ni kwamba namba zote mbili huanza kuhesabiwa tangu MySQL ilipowashwa. Kama iliwashwa miezi miwili iliyopita, ndani yake mna usiku wote wa manane na Jumapili zote ambazo duka lilifungwa. Wastani wa namna hiyo hausemi lolote kuhusu saa tano ya Jumatatu. Kwa hiyo amri huendeshwa mara mbili wakati wa msongamano, kwa mwachano wa dakika kumi, kisha hesabu hufanywa kwa tofauti peke yake.

Tuseme katika dakika hizo kumi kurasa ziliombwa mara 2,400,000, na mara 48,000 kati ya hizo hazikuwamo kwenye akiba. Hizo 48,000 ni asilimia 2, kwa hiyo kiwango cha upatikanaji ni asilimia 98. Wengi huishia hapo na kuridhika.

Lakini gawanya 48,000 kwa sekunde 600. Jibu ni 80: kila sekunde diski inatakiwa kutafuta kurasa 80 zilizotawanyika huku na huku. Diski ya kuzunguka kwa kasi ya mizunguko 7,200 kwa dakika huhitaji takriban milisekunde 12 kusogeza kichwa chake na kusubiri sehemu inayotakiwa ifike chini yake. Maana yake uwezo wake wa kusoma ovyo ovyo ni mara 80 hivi, pengine 100, kwa sekunde. Diski ya duka hili imefika ukingoni, na bado haijaandika hata ankara moja. Seva ile ile ingekuwa na diski isiyo na sehemu zinazozunguka, inayomudu maelfu ya usomaji kwa sekunde, asilimia 98 isingemsumbua mtu. Ndiyo maana idadi ya kurasa zinazokosekana kwa sekunde husema mengi kuliko asilimia.

Kipimo cha pili ni cha kumbukumbu. Mwongozo wa MySQL hutaja hadi asilimia 80 ya kumbukumbu kwa ajili ya akiba ya kurasa, na ushauri huo hunukuliwa kila mahali, lakini unahusu mashine isiyofanya kazi nyingine. Kwenye mashine inayobeba pia programu ya wavuti, hesabu huanzia upande wa pili: wengine wanahitaji kiasi gani, kisha kinachobaki ndicho kinachogawanywa.

Kwa duka letu hesabu inaweza kwenda hivi. Linux yenyewe na huduma zake ndogo huchukua megabaiti 200. Michakato minane ya PHP, kila mmoja megabaiti 50, ni 400. MySQL nayo, ukiacha akiba ya kurasa, hutumia kumbukumbu kwa miunganisho, kwa kupanga matokeo na kwa takwimu zake za ndani, itengewe 400. Jumla ni 1,000, na zimebaki kama 1,000. Je, zote zipewe akiba? Hapana. Juu ya ukubwa uliotajwa, InnoDB huongeza karibu asilimia 10 kwa ajili ya kuzisimamia kurasa hizo. Tena kuna siku za mwisho wa mwezi ambapo ripoti huombwa na watu watano kwa mpigo. Megabaiti 512 ni mahali pazuri pa kuanzia, na mashine inabakiwa na 400 hivi za kupumulia.

Badiliko halihitaji kuzima MySQL. Tangu toleo la 5.7, ukubwa hubadilishwa ikiwa kazini, na katika toleo la 8.0 amri ifuatayo huuhifadhi pia ili udumu baada ya kuwasha upya:

```sql
SET PERSIST innodb_buffer_pool_size = 536870912;
```

Namba hiyo ni megabaiti 512 zikihesabiwa kwa baiti, kwa sababu amri hii haikubali kifupi kama `512M`. Hicho hukubalika kwenye faili la mipangilio. Ni vizuri pia kujua kwamba ukubwa huongezwa kwa vipande, kwa kawaida vya megabaiti 128. Anayeomba 600 atapewa 640, na kwenye seva ndogo hizo 40 za ziada si haba. Amri ikiendeshwa wakati wa utulivu ni bora, kwa kuwa maswali mengine huweza kusubirishwa kidogo wakati ukubwa unabadilishwa.

Matokeo hayaonekani papo hapo. Nafasi mpya ni tupu, na itajaa kadiri watu wanavyofanya kazi. Kipimo kirudiwe kesho yake, saa ile ile ya msongamano. Tuseme sasa kati ya maombi 2,400,000 yaliyokosekana ni 6,000: asilimia imepanda kutoka 98 hadi 99.75, ongezeko linaloonekana dogo sana kwenye karatasi, ilhali diski imeshuka kutoka usomaji 80 hadi 10 kwa sekunde. Keshia anaiona tofauti hiyo mara moja. Na hili limewezekana ingawa akiba ni ndogo kuliko data: ankara za miaka mitatu iliyopita hazifunguliwi kila siku, kwa hiyo inatosha kurasa za bidhaa, wateja na mauzo ya karibuni zikipata nafasi.

Hapo ndipo kishawishi huingia. Ikiwa 512 imesaidia hivi, kwa nini isiwe 1,536 ili data yote ikae ndani? Kinachohadaa ni kwamba mpangilio huo unaweza kukubalika bila malalamiko. Linux haitoi kumbukumbu yote siku ya kwanza. Huitoa kidogo kidogo kurasa zinapoguswa. Seva huonekana nzima siku mbili tatu, kisha akiba inapojaa, mashine huanza kuhamishia vitu vya kumbukumbu kwenye sehemu ya diski ambayo amri ya `free -m` huiita `Swap`. Kurasa zilizowekwa kwenye akiba ili kuikwepa diski sasa zinasomwa kutoka diski, na InnoDB haina habari: kwa hesabu yake zimo kwenye kumbukumbu, na kiwango cha upatikanaji kinaendelea kung'aa.

Dalili zinasomeka kwa `vmstat 5`. Safu mbili, `si` na `so`, zinapaswa kuwa sifuri karibu muda wote. Zikikaa juu, akiba imezidi kipimo na ipunguzwe. Na kama mashine haikutengewa `Swap`, Linux huua mchakato unaokula kumbukumbu nyingi, ambao kwenye seva kama hii mara nyingi ni MySQL yenyewe. Anayeona hifadhidata inazimika ghafla bila maelezo kwenye kumbukumbu zake za makosa atazame `dmesg`. Maneno `Out of memory: Killed process` yatamaliza ubishi.

Upo pia upofu wa upande mwingine. Swali linalopekua jedwali zima la bidhaa kwa kila mstari wa ankara, kwa sababu tu faharasa haipo, huomba kurasa zile zile maelfu ya mara. Zote zinakutwa kwenye kumbukumbu, kwa hiyo kiwango hupanda hadi 99.9 huku prosesa ikichemka na mteja akisubiri vilevile. Ikitokea kurasa zinazokosekana kwa sekunde ni chache, `si` na `so` ni sifuri, na mfumo bado ni mzito, akiba iachwe kama ilivyo. Kazi inayofuata ni kuwasha `slow_query_log`, kuiacha siku nzima ya biashara, kisha kuangalia swali linalorudi mara nyingi zaidi kwa `EXPLAIN`. Safu ya `type` ikisema `ALL` kwenye jedwali kubwa, gigabaiti zaidi za kumbukumbu hazitalitibu swali hilo, linahitaji faharasa.